Bibi amevunjika nyonga: kwa nini anaweweseka wodini, ale nini, na namna ya kuzuia asivunjike tena

Msikilizaji wetu mmoja wa Usevya alitupigia simu baada ya kipindi cha afya akiwa na swali moja tu. Bibi yake aliyevunjika nyonga alikuwa amelazwa, na usiku wa pili alianza kusema maneno yasiyoeleweka, akamwita mume wake aliyefariki zamani na kutaka kushuka kitandani. Ndugu waligawanyika. Wengine walitaka kumtoa hospitali wampeleke kwa mganga, na mmoja alikuwa ameshaanza kunong'ona kwamba bibi "ana mambo yake". Mjukuu akatuuliza: "Mguu ndio uliovunjika, sasa kichwa kimeingiaje?"

Tumeomba ruhusa ya kueleza kisa hiki na tumebadilisha mambo machache ili familia isitambulike. Tukifuata safari ya bibi huyu tangu alipoanguka, tutapata jibu la mjukuu na mambo mengine ambayo kila nyumba yenye mzee inapaswa kuyajua.

Usiku wa kuanguka

Bibi ana umri wa miaka 76. Ilikuwa masika, saa nane usiku, akitoka chooni uani. Tope, kandambili zilizolika, na tochi haikuwa na betri. Aliteleza akaangukia ubavu wa kulia. Hakuanguka kutoka juu ya mti wala kwenye pikipiki, alianguka kutoka urefu wa kusimama kwake tu. Liweke akilini hilo, maana tutalirudia.

Hakuweza kusimama. Maumivu yalikuwa kwenye kinena, na alipolazwa chali mguu wa kulia ulionekana mfupi kuliko wa kushoto, unyayo umegeukia nje. Hizo ndizo dalili za nyonga iliyovunjika. Wapo wazee wachache wanaosikia maumivu gotini tu, na wapo wanaoweza kuchechemea hatua mbili tatu. Mzee aliyeanguka na hawezi kukanyaga mguu ahesabiwe kuwa amevunjika nyonga mpaka picha ya eksirei ioneshe vinginevyo.

Familia ilimwita mzee mmoja anayeunga mifupa. Alimkanda kwa maji moto na kumfunga vijiti pajani. Siku nne zikapita. Mfupa wa mkono au wa mguu chini ya goti unaweza kufungwa vijiti ukatulia, lakini nyonga iko ndani kabisa, imezungukwa na nyama za kiuno. Vijiti vinaishia pajani na haviifikii sehemu iliyovunjika. Kumkanda na kumvuta kunaongeza damu inayovuja ndani na maumivu, basi.

Siku ya tano walimpakia kwenye gari kuelekea Mpanda, kupitia Kibaoni, kukatiza Hifadhi ya Katavi hadi Sitalike na kuendelea. Kwa safari ndefu namna hiyo, mlaze mgonjwa chali juu ya godoro, weka mto katikati ya miguu, kisha ufunge miguu yote miwili pamoja kwa khanga ili mguu mzima uushikilie uliovunjika. Mpe maji kidogo kidogo njiani. Parasetamoli inafaa kwa maumivu, kwa kipimo atakachosema mhudumu kulingana na uzito wake. Diklofenaki, ambayo wengi hununua dukani kwa maumivu ya aina yoyote, inaweza kuumiza figo na kutoboa tumbo la mzee, hasa akiwa hajanywa maji ya kutosha.

Kwa nini kitanda ni hatari kuliko mfupa

Mfupa wa paja unapoingia kwenye kiuno una kichwa cha mviringo, shingo nyembamba, na chini ya shingo sehemu nene. Bibi huyu alivunjika shingo. Damu inayolisha kile kichwa inapita shingoni, kwa hiyo shingo ikikatika na kuachana, kichwa hukosa damu na mara nyingi hakiungi hata akilala mwaka mzima. Ndiyo maana kwa mzee mara nyingi madaktari hukitoa na kuweka cha chuma. Aliyevunjika chini ya shingo ana damu ya kutosha na mfupa unaweza kuunga, lakini bila kufungwa vyuma atalala na mguu uliofungiwa uzito kwa wiki nyingi.

Wiki hizo nyingi ndizo zenye hatari. Mzee anayelala chali hapanui kifua vizuri, makohozi yanatuama, homa ya mapafu inaingia. Damu inaganda kwenye mishipa ya mguu, na bonge linaweza kupanda hadi mapafuni likamuua ghafla. Ngozi ya visigino na makalio inakandamizwa, vidonda vinachimbika. Nyama za mapaja zinayeyuka siku hadi siku. Wazee wengi wanaokufa baada ya kuvunjika nyonga huuawa na mambo haya.

Kwa hiyo lengo la upasuaji, zaidi ya kurekebisha picha ya eksirei, ni kumwondolea mzee maumivu ili asimame. Miongozo ya kimataifa inataka upasuaji ufanyike siku anayofika au kesho yake, na mgonjwa asimamishwe siku inayofuata. Kwetu, kwa umbali na uchache wa vyumba vya upasuaji, siku hizo hurefuka. Kila siku unayoweza kuiokoa nyumbani kwa kutosubiri ina thamani.

Katika miaka ya 1950, kwenye mji wa Hastings nchini Uingereza, daktari wa mifupa Michael Devas alianza kufanya kazi bega kwa bega na daktari wa wazee, Bobby Irvine. Waligundua kwamba mzee aliyevunjika nyonga ana mambo mawili kwa pamoja: mfupa uliokatika, na mwili mkongwe wenye presha, moyo, figo na kumbukumbu za kuangaliwa. Daktari wa mifupa peke yake huona la kwanza. Utaratibu huo wa kumtazama mgonjwa pamoja umeenea duniani. Madaktari waliobobea kwa wazee ni wachache sana nchini, lakini sehemu kubwa ya kazi yao inaweza kufanywa na daktari wa kawaida, nesi, mtaalamu wa mazoezi tiba na ndugu aliyekaa kando ya kitanda. Huyu wa mwisho ndiye tunayezungumza naye leo.

Usiku bibi alipoanza kuweweseka

Bibi alipangiwa upasuaji asubuhi, akaambiwa asile wala kunywa tangu usiku wa jana. Ikaja dharura nyingine, upasuaji wake ukaahirishwa hadi kesho. Jioni hakuna aliyekumbuka kumrudishia chakula, kila mtu akidhani mwenzake amefanya hivyo. Saa tano usiku akaanza: "Ng'ombe wameingia shambani! Nifungulieni!" Akavuta shuka, akataka kushuka.

Nesi wa zamu alikuja na tochi. Kwanza akamsalimia: "Shikamoo bibi." Bibi hakujibu, alikuwa akitazama dari. Nesi akamwambia ataje siku za wiki kwa kurudi nyuma kuanzia Ijumaa. Bibi alisema "Ijumaa, Alhamisi", kisha akarudia mambo ya ng'ombe. Nesi akamgusa chini ya kitovu, akakuta kibofu kimejaa na kigumu kama mpira. Midomo na ulimi vilikuwa vikavu. Na dawa ya maumivu ya jioni hakuwa amepewa.

Akamtoa mkojo kwa mpira, akamwekea maji ya mshipa, akampa dawa ya maumivu. Usiku ule ule bibi alitulia kidogo. Haikuisha mara moja, kwani kwa siku mbili zaidi alikuwa sawa asubuhi na kuchanganyikiwa jioni. Siku ya tatu alimtambua mjukuu wake na kuuliza kama kuku wamelishwa.

Hali hii ndiyo kuchanganyikiwa kwa ghafla, au kuweweseka. Ubongo wa mzee ni kama taa ya sola yenye betri iliyochoka: mchana wa kawaida inawaka vizuri, lakini ukiichomekea vitu vinne kwa mpigo inafifia. Maumivu, kiu, kibofu kilichojaa, choo kigumu, homa ya mapafu, malaria, sukari kushuka, kukosa hewa ya kutosha, au dawa fulani, kila kimoja kinatosha kuuyumbisha. Mambo ya uchawi au mapepo hayamo. Mganga atakapomaliza kazi yake kibofu bado kitakuwa kimejaa.

Na hali hii si ya nadra. Watafiti waliowapima wazee waliolazwa wodi za magonjwa ya ndani katika Hospitali ya KCMC, Moshi, walikuta karibu mmoja kati ya kila watano anayo. Hao hawakuwa wamevunjika nyonga. Kwa waliovunjika, hatari huwa kubwa pia.

Utaitofautisha vipi na usahaulifu wa uzeeni? Usahaulifu huja polepole kwa miezi na miaka. Kuweweseka huja kwa saa au siku, hupanda na kushuka ndani ya siku hiyo hiyo, na mgonjwa hawezi kushikilia wazo moja. Lakini kuwa makini na aina ya pili, iliyo kimya. Mzee hapigi kelele, analala tu mchana kutwa, anajibu kwa neno moja, hataki kula. Ndugu husema "leo ametulia, amepumzika". Aina hii hupita bila kuonekana, na ni ya hatari vilevile. Wewe unayemjua ndiye utakayegundua. Mwambie nesi kwa maneno haya: "Huyu si kama alivyokuwa jana."

Ndugu kando ya kitanda anaweza kuzuia

Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walitoa matokeo ya jaribio la wagonjwa 852 wenye miaka 70 na zaidi. Nusu walipewa huduma ya kawaida. Kwa wengine ziliongezwa huduma nyepesi, nyingi zikitolewa na watu wa kujitolea: kuwaeleza walipo na siku ya leo, kuwanywesha maji, kuwavalisha miwani, kuwatembeza, na kuwasaidia walale usiku bila dawa. Katika kila wagonjwa 100 wa huduma ya kawaida, 15 walichanganyikiwa. Katika kundi la pili, 10. Kule iliwabidi watafute watu wa kujitolea. Kwetu ndugu tayari yupo, amekaa kwenye mkeka chini ya kitanda. Anachokosa ni kuambiwa la kufanya.

La kwanza, akae mtu mmoja au wawili anaowafahamu sana, wapokezane. Kundi la watu kumi wanaozungumza kwa pamoja linamchosha. Kila asubuhi mwambie kwa sauti ya kawaida: "Bibi, uko hospitali, uliumia mguu, leo Jumanne, mimi ni mjukuu wako." Akisema ng'ombe wako shambani usibishane naye. Mwambie wameshatolewa, kisha mrudishe kwenye jambo lililo mbele yake. Usimfunge kitandani kwa khanga, maana kufungwa kunaongeza hofu na kumuumiza.

La pili, angalia vinavyoingia na vinavyotoka. Amekunywa vikombe vingapi leo? Amekojoa? Choo kilipatikana lini? Kama ana mpira wa mkojo, muulize nesi kila siku kama bado unahitajika, kwa sababu mpira uliokaa muda mrefu huleta maambukizi, na maambukizi huleta kuchanganyikiwa. Akipata joto la mwili, omba kipimo cha malaria na apimwe kifua.

La tatu, mwulize anayesimamia upasuaji: "Aache kula saa ngapi, na maji saa ngapi?" Kwa kawaida chakula kigumu huachwa saa sita kabla ya dawa ya usingizi, na mgonjwa wengi huruhusiwa maji matupu hadi saa mbili kabla. Upasuaji ukiahirishwa, uliza papo hapo kama ale sasa. Hapa ndipo bibi yetu aliponaswa.

La nne, usimletee dawa kutoka duka la mtaani ili alale. Diazepamu, na hata vidonge vya mafua vinavyoleta usingizi kama piritoni, huzidisha kuchanganyikiwa kwa mzee. Kama alikuwa anakunywa pombe kila siku nyumbani, mwambie daktari bila aibu, kwa sababu kuikosa ghafla huleta kuweweseka kwa aina yake, kunakotibiwa tofauti.

Sahani ya bibi

Bibi alifanyiwa upasuaji siku mbili baadaye. Kesho yake mtaalamu wa mazoezi alimsimamisha kwa fremu ya kutembelea. Aliweza hatua tatu, akakaa kwenye kiti. Sasa nyama za miguu zilihitaji chakula cha kujijenga, lakini alichokuwa akiletewa ni uji mweupe na chai ya rangi.

Huko Cardiff, Welsi, mwaka 2006, wanawake wazee 302 waliovunjika nyonga waligawanywa. Kundi moja lilipata wasaidizi ambao kazi yao ilikuwa kuhakikisha mgonjwa anakula: kumweka sawa, kumkatia chakula, kumlisha, kuuliza anachopenda. Katika wodi hiyo walikufa takriban 4 katika kila 100 waliosaidiwa kula, na 10 katika kila 100 wa kundi lingine. Tofauti ililetwa na watu wa kumsaidia mgonjwa ale.

Mzee anayepona anahitaji protini, yaani chakula cha kujenga mwili, kama gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Bibi ana kilo 50, kwa hiyo anahitaji gramu 60 hadi 75. Tupige hesabu kwa vyakula vyetu. Asubuhi, uji uliopikwa na kikombe cha maziwa na vijiko vitatu vikubwa vya karanga zilizosagwa humpa kama gramu 15. Saa nne, mayai mawili, gramu 12. Mchana, ugali laini na kikombe cha maharage yaliyoiva hadi kulainika, gramu 15 za maharage peke yake. Jioni, wali na kipande cha samaki kinachojaa kiganja, gramu 20. Tumefika 62, bado hatujahesabu kilichomo kwenye ugali na wali. Samaki akikosekana, dagaa waliosagwa na kuchanganywa kwenye mchuzi hufanya kazi hiyo, tena wana chokaa kwa ajili ya mifupa. Mwenye ugonjwa wa figo aulize daktari kwanza.

Mkalishe wima wakati wa kula na nusu saa baadaye, chakula kisiingie mapafuni. Mpe kidogo mara tano badala ya sahani kubwa mara mbili. Kama hana meno, ponda. Ukikuta sahani imerudi imejaa, usiseme tu "hana hamu", angalia kama ana maumivu, vidonda mdomoni, choo kigumu au kuweweseka kwa kimya.

Asivunjike mara ya pili

Bibi alirudi Usevya baada ya wiki mbili. Familia ilishangilia, na wengi huishia hapo. Sasa kumbuka alivyoanguka: kutoka urefu wa kusimama. Mfupa imara hauvunjiki kwa anguko kama hilo. Mfupa uliovunjika namna hiyo umeshakonda ndani kama mti ulioliwa na mchwa, na aliyevunjika mara moja yuko katika hatari kubwa ya kuvunjika tena, upande wa pili, mkono au uti wa mgongo. Kwa hiyo kuna kazi mbili: kuimarisha mfupa na kuzuia anguko.

Kwa mfupa zipo dawa. Alendroneti ni kidonge cha miligramu 70 kinachomezwa mara moja kwa wiki, asubuhi tumbo likiwa tupu, kwa glasi nzima ya maji, kisha mgonjwa akae wima nusu saa bila kulala, kwa sababu kidonge kikikwama kinaunguza koo. Nyingine ni asidi ya zoledroniki, inayowekwa kwenye mshipa mara moja kwa mwaka. Katika jaribio lililotangazwa mwaka 2007, kwa wagonjwa waliotoka kuvunjika nyonga, dawa hiyo ilipunguza mivunjiko mipya kwa karibu theluthi moja, na vifo pia vilipungua. Kabla ya kuipata, figo hupimwa, na mgonjwa hupewa vitamini D na chokaa ya kutosha ili chokaa ya damu isishuke. Dawa hizi hazipo kila zahanati na bei yake si ndogo. Kwa hiyo uliza kabla hamjaruhusiwa kutoka: "Mfupa wake utatibiwa na nini?" Swali hilo likikosa jibu, omba liandikwe kwenye kadi ya kurudi kliniki. Kwa mzee wa umri huu aliyekwisha kuvunjika nyonga, dawa inaweza kuanza bila kungoja mashine ya kupima uzito wa mifupa. Daktari pia ataangalia kama kuna jambo jingine lililodhoofisha mfupa, kama saratani au vidonge vya predinisoloni vilivyotumiwa muda mrefu.

Kuzuia anguko ni kazi ya nyumbani. Mjukuu alituambia waliyofanya. Ndoo yenye kifuniko iliwekwa chumbani ili bibi asitoke usiku. Kandambili zikatupwa, akanunuliwa raba zinazoshika kisigino. Njia ya chooni ikamwagwa changarawe na kuwekwa kamba ya kushika. Fimbo anaishika mkono wa kushoto, upande wa mguu mzima, ingawa wengi hushika upande unaouma. Kliniki walimpima presha akiwa amelala, kisha akiwa amesimama, wakakuta inashuka sana anaposimama. Dawa yake ya presha ikapunguzwa. Jicho la kulia lilikutwa na mtoto wa jicho, na amepangiwa kuondolewa.

Kuhusu gharama, Sera ya Taifa ya Wazee inatambua haki ya mzee asiye na uwezo, mwenye miaka 60 na zaidi, kutibiwa bure. Mara nyingi kinachozua mjadala ni vyuma na dawa ambazo hospitali haina. Siku ya kwanza kabisa, nenda na kitambulisho chake kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali, kabla hamjauza ng'ombe.

Mjukuu aliyetupigia simu ndiye aliyezuia bibi asitolewe wodini usiku ule. Aliwaambia wajomba wasubiri mpaka asubuhi, nesi amalize kumwangalia. Bibi sasa anatembea hadi kwa jirani na kurudi, na habari za ng'ombe hazikumbuki hata kidogo.